Ratiba ya safari kwa Kiswahili: 09:30 ni saa tatu na nusu au saa tisa na nusu?

Aliyeuliza, Arusha: "Natafsiri ratiba za safari za ofisi yetu. Wateja ni Watanzania, wengi wanakwenda Serengeti na magari yao wenyewe. Bosi anataka saa zibaki zilivyo kwenye Kiingereza, yaani 09:30 iandikwe 'saa 9:30', kwa kuwa mfumo wa kuweka nafasi na risiti zote ziko hivyo. Mimi naona tunawapotosha watu. Nani ana haki?"

Dereva wa Karatu: Haki unayo wewe, ndugu yangu, na hapa haki ina bei. Mwaka jana nilikuwa geti la Naabi nikisubiri wageni wangu, na dirishani alikuwepo baba mmoja na karatasi mkononi. Yeye na familia yake walilala Karatu, wakawahi geti la Lodoare lilipofunguliwa saa 12 asubuhi, wakakatiza Ngorongoro na kufika Naabi saa 3:30 asubuhi. Kibali cha Serengeti ni cha saa 24 tangu unapoingia, kwa hiyo kesho yake saa 3:30 asubuhi walitakiwa wawe wameshatoka. Ratiba yao ilisema: "Siku ya 2, kutoka getini kabla ya saa 9:30." Wakapumzika Seronera, wakala mchana bila haraka, wakaondoka saa 7:30. Saa 9 walikuwa getini, wanafurahi kwamba wamewahi. Kumbe wamepitiliza saa tano na nusu. Walilipa viingilio upya, vya watu na vya gari. Baba ameweka kidole kwenye 9:30 ya ratiba, ofisa ameweka chake kwenye 09:30 ya kibali. Watoto wako ndani ya gari, jua kali. Sijaisahau siku ile.

Mwalimu, Dodoma: Mbona dawa ni ndogo tu. Kosa la ratiba ile ni kukosa neno la wakati. Wangeandika "saa 9:30 asubuhi", kila mtu angeshtuka, kwa sababu saa tisa na nusu yetu haiangukii asubuhi. Angeuliza, angeelezwa.

Mtafsiri wa Moshi: Mwalimu, kwa 9:30 nakubali. Sasa chukua 11:00. Ukiandika "kuondoka saa 11 asubuhi", hashtuki mtu, maana saa kumi na moja asubuhi ipo, ni kabla jua halijachomoza. Mteja ataamka usiku, atapakia mizigo, atakaa mapokezi saa sita nzima. Kwa hiyo neno la wakati ni lazima, lakini peke yake halitoshi. Saa yenyewe igeuzwe.

Mimi naandika saa ya Kiswahili na neno lake, kisha saa ya kwenye karatasi kwenye mabano, ila pale tu mteja atakapokutana na karatasi: kibali, tiketi ya ndege, muda wa kukabidhi chumba. "Mtoke geti la Naabi kabla ya saa 3:30 asubuhi (kwenye kibali imeandikwa 09:30)." Chakula cha jioni hakihitaji mabano, hakuna karatasi ya kulinganisha nacho.

Panaponisumbua kweli ni usiku. Ratiba za Kilimanjaro hupeleka watu kileleni kuanzia 00:00, na Kiingereza huihesabu hiyo kuwa ni siku mpya. Ukiandika "Jumamosi saa 6 usiku", wengi watasubiri Jumamosi iishe kwanza. Naandika "saa 6 usiku wa kuamkia Jumamosi", na juu yake naongeza "mara baada ya kulala kidogo Ijumaa jioni". Ni maneno mengi, lakini sijaona njia fupi iliyo salama.

Mama wa Mombasa: Samahani, mnasema saa 24. Sisi tulikwenda Maasai Mara, tukaambiwa tiketi ni ya siku, saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Basi wakala wetu alitudanganya?

Dereva wa Karatu: Hapana mama, hakuwadanganya. Mara ina utaratibu wake na Serengeti wake, ingawa nyumbu ni walewale. Ndiyo maana sipendi ratiba inayosema "kiingilio cha siku moja". Siku moja ya nani?

Mhudumu wa kuweka nafasi: Naomba nimtetee bosi, maana kazi yake ndiyo yangu. Ratiba haisomwi na mteja peke yake. Mimi ndiye ninayeinakili kuingiza kwenye mfumo. Zikiwepo saa mbili kwenye mstari mmoja, mtu mchovu ananakili isiyo yake. Tuliwahi kupata 03:30 kwa sababu mwenzetu aliinakili saa ya Kiswahili, na gari likapelekwa hotelini wageni wakiwa wamelala fofofo. Saa moja, karatasi zote, ndiyo usalama wetu.

Mtafsiri wa Moshi: Hoja hiyo ni ya kweli, dada, siipuuzi. Lakini nakili kutoka ratiba ya Kiingereza. Ya Kiswahili imeandikwa kwa ajili ya anayelipa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kulipa, aliyeuliza, angalia sana mstari wa "bei inajumuisha". Ratiba ya juzi ilikuwa na "viingilio vya hifadhi za taifa vimo". Ngorongoro si hifadhi ya taifa. Iko chini ya mamlaka yake, siyo TANAPA, na huwezi kutoka Karatu kwenda Naabi bila kuipita. Kwa maneno yale, mteja aliyefika Lodoare angedaiwa kiingilio ambacho ofisi ilikwisha kukipokea. Kiingereza kilimaanisha mageti yote, Kiswahili kikapunguza. Niliandika: "Bei ina viingilio vya Ngorongoro na Serengeti, kwenda na kurudi. Haina ada ya gari kushuka kreta." Taja mahali kwa jina, usitegemee neno "hifadhi".

Ukurasa huohuo ulikuwa na "bei kwa kila mtu kugawana". Kugawana nini? Walikusudia kwamba bei hiyo ni ya kila mmoja wakilala wawili chumba kimoja. Anayelala peke yake anaongeza pesa, na kiasi hicho kiandikwe hapohapo.

Dereva wa Karatu: Na umbali je? Ratiba zinasema Naabi hadi Seronera kilomita 45 hivi, mteja anapiga hesabu ya lami, nusu saa. Lami inaishia Lodoare. Baada ya hapo ni vumbi na mawimbi ya barabara, na simba akilala njiani unasimama. Andika "mwendo wa saa moja na zaidi, barabara ya vumbi", na umwambie anayewahi geti aondoke Seronera saa mbili kabla ya muda wake kuisha.

Mhudumu wa kuweka nafasi: Kwa umbali nakubali. Kwa saa bado. Lile gari la 03:30 simu yake niliipokea mimi.

Aliyeuliza, Arusha: Nashukuru wote. Nimeandika upya siku ya 2 kwa mabano na nimempelekea bosi. Kauliza jambo moja ambalo sina jibu lake: mteja akikosea kwa kusoma mabano badala ya neno, faini ya getini ataibeba nani?