Kitabu chenye kosa: umpe kijana au umnyime?

Mama Neema: Binti yangu wa miaka 15 hataki tena kusikia kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo. Anataka sayansi ya kweli. Mmoja kanishauri "Thinking, Fast and Slow", kitabu cha mwanasaikolojia Daniel Kahneman kuhusu jinsi tunavyofikiri, mwingine kanikataza. Nimsikilize nani?

Kipanga: Aliyekukataza. Sura ya nne, ile ya maneno kuathiri matendo yetu bila sisi kujua, imejengwa juu ya majaribio yaliyoanguka yaliporudiwa. Kitabu kizima hakifai.

Mzee wa Rafu: Kizima hapana, Kipanga. Ile sura kweli imepwaya, na kisa chake ni kitamu. Mwaka 1996 John Bargh na wenzake waliwapa wanafunzi 30 wa chuo maneno ya kupanga yawe sentensi. Wengine walipata maneno yanayokumbusha uzee. Wakati wa kutoka, hao walitembea polepole zaidi kwenye korido, na muda ulipimwa na mtu mwenye saa ya kuhesabu sekunde. Mwaka 2012 kikundi cha Ubelgiji kikarudia kwa watu 120, kikapima kwa miale isiyoonekana. Tofauti ikayeyuka. Ilirudi pale tu wasimamizi walipoaminishwa kwamba watu watatembea polepole. Mwaka 2017 Kahneman mwenyewe alikiri aliziamini mno tafiti zenye washiriki wachache.

Baba Juma: Wangu yuko kidato cha pili, akisoma usiku hakumbuki kitu. Hicho kitabu kitampandishia maksi?

Mzee wa Rafu: Hakitampandishia, baba. Mwambie afunike daftari ajiulize maswali, asirudie tu kusoma. Na alale.

Shangazi Tatu: Mimi ningeanza na "50 Great Myths of Popular Psychology". Uzushi wa kwanza ndani yake ndio huo wa asilimia 10. Unafuata wa ubongo wa kushoto na kulia, maana pande zote mbili zinafanya kazi ileile.

Mzee wa Rafu: Hapo umepatia nusu, dada. Kitabu ni kizuri. Lakini kwa watu wengi lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto. Uzushi ni kusema fulani ni "mtu wa kulia", basi ni msanii.

Kipanga: Bado nashikilia msimamo wangu. Mtoto hawezi kuyatafuta marekebisho ya 2017. Atasoma, ataamini.

Mzee wa Rafu: Ndiyo maana asome sura hiyo na penseli mkononi. Kila jaribio aulize: watu wangapi, nani alipima, je, mpimaji alijua anachotarajia, na nani karudia.

Shangazi Tatu: Nani ana muda wa kukaa na mtoto sura kwa sura? Mie hapo niko na Kipanga.

Mama Neema: Nimemsomea majibu yenu. Kaniuliza, "Hao 30 wakigawanywa makundi mawili, si wanabaki kama nusu ya darasa letu?"

Mzee wa Rafu: Mpe sura ya nne leo leo.

Kipanga: Huyo wako sawa. Nilimsema wa kawaida.