Benki Kuu ikinunua bondi, pesa zinaongezeka kweli?

Bin Mkomani, Lamu: Benki Kuu ikinunua bondi za serikali sokoni, pesa za watu zinaongezeka ama ni hesabu za makaratasi tu? Mimi nasema ni kuchapa noti na ipigwe marufuku.

Wa Shela: Hakuna noti inayochapwa hapo. Nimekaa sana kwenye kitengo cha hazina cha benki moja nikiona hizi kazi. Tuseme benki inauza bondi ya milioni 100, Benki Kuu inaichukua halafu inaandika milioni 100 kwenye akaunti ya hiyo benki huko kwake, zimezaliwa pale pale kwa kuandikwa. Benki sasa ina bondi pungufu na akiba zaidi, lakini dipoziti za wateja hazijasogea hata shilingi. Muuzaji akiwa mfuko wa pensheni ndo mambo yanageuka, kwa sababu malipo lazima yapitie benki ya huo mfuko, kwa hivyo akiba ya benki inapanda 100 na dipoziti ya mfuko nayo inapanda 100. Hapo pesa zimeongezeka kabla hata mtu hajakopa.

Mpiga Hesabu, Malindi: Na bado! Tangu Februari 2025 benki inalazimika kuweka Benki Kuu asilimia 3.25 tu ya dipoziti, so milioni 100 gawa kwa 0.0325 unapata kama bilioni 3. Zote hizo zinakuja sokoni, kilo ya samaki changu tutainunua na nini?

Mama Mahamri: Jamani mimi nina bondi yangu kwa DhowCSD na ada za shule zimefika, hiyo Benki Kuu itaninunulia lini?

Wa Shela: Mama, hiyo si yako, wewe tafuta dalali akuuzie soko la hisa. Mpiga Hesabu, bilioni 3 ni dari tu. Kwa ile dipoziti, milioni 3.25 inafungwa na 96.75 inabaki huru, sawa, lakini benki haikopeshi ati kwa kuwa ina akiba, inakopesha ikiona mtu wa kulipa na mtaji wake unaruhusu. Mikopo mibovu ikiwa mingi inazikopesha benki nyingine usiku mmoja, na Benki Kuu ikiona zimezidi inazivuta kwa repo, yaani inaziuzia benki bondi kwa muda halafu inazinunua tena. Dalili ya kwanza ni riba ya benki kwa benki kushuka. Kama mikopo ya biashara na watu binafsi haikui, basi zimekwama hukohuko juu.

Bin Mkomani: Haya, lakini serikali ikijua mnunuzi yupo si itakopa bila breki?

Wa Shela: Sheria imeweka kikomo, ovadrafti ya serikali Benki Kuu isipite asilimia 5 ya mapato yaliyokaguliwa.

Bin Mkomani: Hiyo ni ovadrafti bwana! Mfuko ukiuza bondi leo kwa Benki Kuu, kesho ukanunua mpya ya serikali, tofauti iko wapi?

Wa Shela: Bei imepangwa na soko, na mfuko ungeweza kupeleka hizo pesa kwingine. Ila ikiwa ni kila mwezi na bila kuzivuta, hapo sitabishana nawe sana.

Mpiga Hesabu, Malindi: Si ndo nilivosema, samaki!