Naomba ushauri: nyakati za vitenzi kwenye ripoti za matukio

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye ghala, na ripoti za walinzi hupitia kwangu kabla ya kwenda kwa meneja. Kinachonisumbua ni nyakati. Mfano wa juzi:

"Saa 8:20 usiku mlinzi alisikia kishindo, anakwenda lango la nyuma, anakuta kufuli limekatwa. Taa ya uani haikuwaka."

Msomaji hajui kama taa ilikuwa mbovu usiku ule tu au ni mbovu hadi sasa. Meneja alidhani yamepita, fundi hakuitwa.

Nimewaelekeza tukio liandikwe kwa -li-, mfuatano wake kwa -ka-, na hali inayoendelea kwa wakati uliopo pamoja na saa ya kuandika. Sasa inasomeka: "Alisikia kishindo, akaenda lango la nyuma, akakuta kufuli limekatwa. Hadi saa 12:00 asubuhi, ripoti hii inapoandikwa, taa ya uani haiwaki." Imesaidia sana.

Nilipokwama ni kwenye -me-. Mimi naona "akakuta kufuli limekatwa" inatosha, kwa kuwa ndiyo hali aliyoikuta. Wenzangu wanataka "kufuli lilikuwa limekatwa", wakisema bila hivyo msomaji atadhani kufuli bado halijabadilishwa. Ipi niifanye kanuni?

Pili, taa ikitengenezwa kabla ripoti haijamfikia meneja, nibadili "haiwaki" kuwa "haikuwaka", au niiache na kuongeza sentensi mpya yenye saa yake?

Natanguliza shukrani.