Msaada wa haraka: kijana wa miaka 15, korodani moja inauma ghafla tangu saa nane usiku (tuko upande wa Kamanga)

Mjomba_Kamanga, saa 10:15 alfajiri
Wakuu, poleni kwa usiku huu. Ninaishi na mpwa wangu Kulwa, miaka 15, wazazi wake wako dago la uvuvi huko kisiwa cha Kome. Saa nane usiku ameamka analia, anasema tumbo la chini. Ametapika mara mbili. Nilivyombana ndipo akasema ni korodani ya kushoto, alikuwa anaona aibu mbele ya shangazi yake. Hajapigwa wala kuanguka, jana jioni alicheza mpira kama kawaida akalala mzima. Homa hana. Zahanati ya jirani wamemchoma sindano ya maumivu wakasema turudi asubuhi akapimwe mkojo. Sindano imepunguza kidogo tu. Nimewaza tuvuke na kivuko cha asubuhi twende hospitali ya Bugando, Mwanza. Shangazi yake anachemsha maji ya kumkanda na uji. Kuna aliyewahi kuona hali hii?

Dawa_Muhimu, saa 10:21
Mkuu, hiyo ni infekshen ya mirija. Nina duka la dawa, naona vijana wa hivi kila wiki. Fanya hivi: inyanyue hiyo korodani taratibu kwa kiganja. Maumivu yakipungua ni infekshen, mwanzishie doksi na sipro, asubuhi mkapime mkojo.

Mzee_wa_Mwaloni, saa 10:24
Huo ni mshipa wa ngiri, kijana wangu. Mimi ninao mwaka wa kumi sasa, unavimba na kunywea, kazi nafanya. Kuna mama mmoja hapa Kirumba anatoa mizizi nzuri sana.

Zamu_ya_Usiku, saa 10:27
Mjomba, soma hii kabla ya mengine. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi. Kijana wa umri huo anayeamshwa usingizini na maumivu makali ya upande mmoja, anatapika, hana homa: hiyo ni korodani iliyojisokota mpaka ithibitike vinginevyo. Korodani inaning'inia kwenye mshipa unaobeba damu yake. Ikizunguka, mshipa unajikaza, damu haipiti, na nyama inaanza kufa. Hakuna kidonge kinachofungua msokoto huo.

Hesabu muda tangu saa nane, siyo tangu mlipokwenda zahanati. Ndani ya masaa 6 nyingi zinaokolewa. Zikifika masaa 12 ni kama nusu kwa nusu, na zikipita 24 ni nadra sana. Kwa hiyo kwako mstari uko saa mbili asubuhi, na hapo lazima awe ameshafunguliwa, siyo ndiyo mnafika getini.

Uji usimpe, chai wala maji pia. Atapewa nusu kaputi, na tumbo likiwa na chakula wanaanza kusitasita kumlaza. Maji ya moto hayasaidii kitu.

Halafu nijibu mambo mawili. Mwambie asimame umtazame bila kumbonyeza: ya kushoto imepanda juu kuliko mwenzake? Kisha pitisha kidole taratibu ndani ya paja, upande wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Kwa kawaida korodani ya upande huo huruka juu kidogo. Ila usikae kungoja majibu yangu, mtafute mwenye gari sasa hivi.

Dawa_Muhimu, saa 10:31
Sasa ndugu unamtisha mtu. Na kipimo cha kunyanyua je? Tulifundishwa chuoni.

Zamu_ya_Usiku, saa 10:35
Ulifundishwa kweli, na kipo. Shida yake ni kwamba kuna waliopata nafuu wakinyanyuliwa na walipofunguliwa msokoto ulikuwepo. Hakifai kumrudisha mtu nyumbani. Infekshen unayoisema ipo sana, lakini hiyo huja polepole, siku moja mbili tatu, mkojo unachoma, wakati mwingine usaha unatoka au homa inapanda, na mara nyingi ni mtu ambaye ameshaanza mambo ya wakubwa. Haimwamshi mtu saa nane akiwa amelala mzima saa tatu.

Mjomba_Kamanga, saa 10:38
Nimeangalia. Ya kushoto iko juu na imelala kwa ubavu, haining'inii kama ya kulia. Nilipopitisha kidole, ya kulia imeruka. Ya kushoto haijatikisika. Gari la jirani linawashwa. Bugando au Sengerema?

Binti_Nyegezi, saa 10:40
Kaka, nenda Bugando moja kwa moja. Kuna mabingwa na ultrasaundi. Mdogo wangu alikaa sana hospitali ndogo kabla ya kupewa rufaa.

Zamu_ya_Usiku, saa 10:44
Nasema Sengerema, ila piga simu kwanza. Kama una namba ya mtu yeyote anayefanya kazi pale, mwamshe. Uliza swali moja: daktari wa kupasua na mtu wa kulaza mgonjwa wapo usiku huu? Wakisema ndiyo, nenda huko. Operesheni hii haihitaji bingwa wa mkojo, daktari wa upasuaji wa kawaida anaifanya. Wakisema hapana, usishuke hata garini, pitilizeni daraja la Kigongo–Busisi mpaka Bugando. Tangu Juni 2025 hakuna sababu ya kukaa Kamanga kusubiri kivuko usiku.

Dada Nyegezi, ultrasaundi ni nzuri pale daktari anapokuwa na shaka. Kwa dalili hizi alizotaja mjomba, kumngoja mpigaji picha aingie kazini ni kuichoma ile saa. Tena msokoto usiokaza kabisa unaweza kuonyesha damu bado inapita, mkadanganyika.

Ng'wana_Ziwa, saa 10:52
Naongezea langu. Mimi ninayo moja. Nilikuwa kidato cha pili, bweni, ilikuwa mwaka 2009. Usiku niliumwa, nikamwambia matroni ni tumbo kwa sababu sikuweza kumtajia mwanamke sehemu hiyo. Nikapewa dawa ya malaria. Siku iliyofuata maumivu yalipungua nikashangilia, kumbe yanapungua kwa sababu imeshakufa. Waliitoa baadaye. Nilishawahi kuumwa hivyohivyo kwa dakika chache likizo iliyotangulia, ikaacha yenyewe, sikusema. Watoto ninao wawili, kwa wanaotaka kuuliza hilo.

Mzee_wa_Mwaloni, saa 10:55
Kwani mtoto ana mshipa au hana?

Ng'wana_Ziwa, saa 10:57
Hana, mzee. Wa kwako una miaka kumi na hauumi. Huyu ana masaa matatu na anatapika.

Mjomba_Kamanga, saa 11:02
Tuko njiani. Sengerema wamesema daktari wa zamu anamwita mwenzake. Kulwa analia kila gari likiruka shimo. Swali la haraka: siwezi kuisokotoa kurudi mwenyewe? Nimesikia inawezekana.

Zamu_ya_Usiku, saa 11:05
Usijaribu. Daktari anaweza kuizungusha kwa mkono kuelekea nje, upande wa paja, hasa kama chumba cha upasuaji kiko mbali. Lakini zipo zilizojisokota kinyume, ukizungusha hivyo unakaza zaidi, na ndani ya gari gizani hutajua. Hata ikifunguka na maumivu yakaisha, bado anafunguliwa siku hiyohiyo ili ishonwe isirudie.

Ukifika, usiseme "tumbo linamuuma". Sema: korodani ya kushoto, ghafla, saa nane, ametapika, hajala. Saa nane uitaje hata wasipokuuliza. Watakuomba usaini, wewe ndiye mlezi. Kwenye fomu kutakuwa na sehemu ya kukubali kuitoa kama imekufa, usishtuke. Na watakuambia watashona zote mbili. Kubali. Kasoro iliyoiacha ya kushoto inazunguka kwa urahisi mara nyingi ipo na kulia.

Binti_Nyegezi, saa 1:30 asubuhi
Mjomba, kuna habari?

Mjomba_Kamanga, saa 4:10 asubuhi
Wakuu, ametoka. Walimwingiza saa kumi na mbili na nusu hivi. Daktari aliniita akanieleza: ilikuwa imezunguka mara moja na nusu, rangi ya bluu nyeusi. Wameirudisha, wakaifunika kwa shashi yenye maji ya uvuguvugu, huku wanashona ya kulia. Waliporudi kuitazama rangi ilikuwa imeanza kuwa ya waridi, ila siyo yote. Wameamua kuiacha. Zote zimeshonwa kwa uzi usioyeyuka. Ameamka na kuomba chakula, na huyu ni Kulwa kweli. Daktari amesema hawezi kunihakikishia. Hiyo "hawezi kunihakikishia" ina maana gani?

Zamu_ya_Usiku, saa 4:25
Afadhali. Masaa manne na nusu siyo mabaya. Maana yake ni kwamba korodani iliyokaa bila damu inaweza kuonekana imepona leo, halafu ikaanza kusinyaa taratibu. Hilo huonekana baada ya miezi kadhaa, siyo kesho. Watampa tarehe ya kurudi, na miezi 3 hadi 6 kutoka sasa waipime ukubwa wakilinganisha na mwenzake. Wiki hii uvimbe kidogo na michubuko ni kawaida, avae chupi inayobana. Usaha, homa, au maumivu yanayopanda badala ya kushuka, mrudishe. Mpira asubiri mpaka daktari aseme.

Dawa_Muhimu, saa 4:40
Nimekubali kwa huyu. Ila bado nasema wengi wanaokuja dukani ni infekshen.

Zamu_ya_Usiku, saa 4:46
Wakubwa, ndiyo. Akija wa miaka 13 au 17 na imemwanza ghafla, usimuuzie kitu, mpeleke hospitali.

Mjomba_Kamanga, saa 11:20 jioni
Moja la mwisho. Kulwa ana pacha wake, Doto, yuko kwa baba yake dago. Nimeongea naye kwa simu. Baada ya kuzungukazunguka sana anasema naye iliwahi kumkamata akiwa anavuta nyavu, ikaacha kabla hajafika ufukweni. Nimwite?

Zamu_ya_Usiku, saa 12:05 jioni
Mwite. Tabia hii huwa inatembea ndani ya familia, na maumivu yanayokuja na kukata hivyo ndiyo yale Ng'wana_Ziwa aliyoyataja. Asingekuwa ameumwa, ningesema mwacheni, hatufungui kijana mzima kwa sababu tu ya pacha wake. Kwa hilo alilosema, aonwe kliniki ya upasuaji. Huenda wakashauri kuzishona mapema, huenda wakasema wasubiri, madaktari hawafanani katika hili. Lakini akishikwa tena huko Kome na isipokata, mtumbwi wa kwanza. Baba yake alijue hilo leo.

Mjomba_Kamanga, saa 12:11 jioni
Baba yake anasema msimu wa dagaa umepamba moto, aje wiki ijayo.

Ng'wana_Ziwa, saa 12:14 jioni
Mpe namba yangu inbox, nitaongea naye mimi.