Tupeane uzoefu: ujumbe wa mahaba umfikie mwenzako akiwa na nafasi ya kuufurahia, ilhali saa zenu hazifanani

Binti Makini (mwanzilishi wa uzi)

Wapendwa, habari zenu. Mwenzangu anaishi pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini, nami niko mahali ambapo saa hazisogezwi mwaka mzima, kwa hiyo namtangulia kwa saa nane majira ya baridi na kwa saa saba kwao kunapokuwa na joto. Tofauti hiyo ya saa moja ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu.

Majira yote ya baridi nilikuwa na desturi ya kumtumia ujumbe mfupi wa kumchokoza kila ifikapo saa tatu usiku. Kwake ilikuwa saa saba mchana, katikati ya mapumziko yake ya saa sita na nusu hadi saa saba na nusu, ambayo huyatumia peke yake ndani ya gari. Majibu yake yalikuja ndani ya dakika mbili tatu, yakiwa na uchokozi uleule, na mara nyingi tulitaniana mpaka mapumziko yakaisha. Ilipofika wiki ya pili ya Machi, majibu yakakauka ghafla. Niliandika mambo ambayo zamani yangemfanya anipigie simu papo hapo, naye akajibu, "Nimeona. Baadaye." Kwa karibu wiki tatu niliamini kwamba amenichoka, nami nikaanza kuandika kwa woga, jambo lililozidi kuharibu ladha.

Nilipomuuliza waziwazi, alinieleza kwamba ujumbe wangu ulikuwa ukiingia mwanzoni mwa kikao chao cha mchana, kompyuta yake ikiwa imeunganishwa na skrini kubwa, na kwamba siku moja mstari wa kwanza ulijitokeza kwenye arifa mbele ya wenzake. Kumbe kwao saa zilikuwa zimesogezwa mbele, na saa tatu yangu ya usiku ilikuwa imegeuka saa nane yake ya mchana.

Naomba mnieleze yaliyowapata ninyi wenyewe. Mliuchaguaje wakati, na mlijuaje kwamba mmekosea?

Kanuni Moja

Pole sana, dada. Kwa maoni yangu jambo hili ni jepesi kuliko tunavyolifikiria. Weka saa mbili kwenye skrini ya simu, yako na yake, kisha umwandikie ikiwa jioni kwake, kwa sababu jioni kila mtu huwa huru. Nchi za kaskazini husogeza saa siku moja, kwa hiyo ukiijua siku hiyo umemaliza kazi. Mimi nimefanya hivyo kwa miaka miwili na mtu aliye Ulaya, nasi hatujapata tatizo.

Fundi Saa

Ndugu Kanuni Moja, kuhusu saa mbili kwenye skrini nakubaliana nawe kabisa, lakini nchi hizo hazisogezi saa siku moja. Sehemu kubwa ya Marekani na Kanada husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, ilhali Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Aliye Ulaya akiwa na mpenzi Amerika hujikuta katika wiki mbili au tatu za Machi ambazo tofauti yao imepungua kwa saa moja, na wiki nyingine moja ya namna hiyo mwishoni mwa Oktoba. Huko kusini mwa Australia mambo yamepinduka, kwani wao husogeza mbele mwezi Oktoba na kurudisha Aprili. Wewe hukupata tatizo pengine kwa kuwa mtu wako hupumzika kwa saa nyingi jioni, na saa moja ikisogea ujumbe bado unaangukia ndani yake. Binti Makini alikuwa akilenga saa moja tu ya mapumziko, na saa moja ndiyo iliyosogea.

Kuhusu jioni, hebu tuhesabu kwa mfano wake. Jioni ya saa moja ya huyo bwana ni saa tisa usiku kwa dada yetu wakati wa baridi, na saa nane usiku wakati wa joto. Hawezi kukesha kila siku ili aandike neno moja la mahaba.

Mimi niliacha kukariri tofauti. Nilimuuliza mke wangu ni dakika zipi za siku yake anazoshika simu akiwa peke yake, hana haraka, wala hajaanza kusinzia, nikaziandika kwa saa zake yeye. Kisha nikaweka kikumbusho kwenye kalenda ya simu na kukichagulia eneo la saa la kwake, si la kwangu. Saa za huko zikisogezwa, kikumbusho kinasogea pamoja nazo bila mimi kupiga hesabu yoyote. Zikiwa ni dakika ninazokuwa nimelala, naandika mapema katika Telegram, nabonyeza kitufe cha kutuma bila kukiachia mpaka lijitokeze chaguo la "Schedule Message", kisha naweka saa. Hapo pana mtego mmoja, kwani saa unayoiweka husomwa kwa saa ya simu yako wewe. Ukipanga ujumbe Ijumaa utoke Jumatatu, na Jumapili katikati saa zao zikasogezwa, utatoka kwa wakati wako lakini utafika saa moja nje ya wakati wake.

Moyo Mzito

Samahani, naomba msaada hapohapo. Wangu huonekana yuko mtandaoni saa saba usiku za kwao, na mimi huwa sijamwandikia chochote. Je, hiyo si dalili kwamba anachombezana na mtu mwingine? Nikimtumia ujumbe wakati ule na asijibu, nitakuwa nimepata ushahidi?

Binti Makini

Ndugu Moyo Mzito, pole kwa wasiwasi huo, ila hilo ni swali jingine na linastahili uzi wake. Ninachoweza kukujibu kutokana na yaliyonipata ni kwamba mtu kuwa mtandaoni na mtu kuwa na nafasi ni mambo mawili tofauti. Mwenzangu alikuwa mtandaoni katika kile kikao chote.

Fundi Saa

Naongeza kidogo hapo. Telegram ina chaguo jingine, "Send When Online", linalouachilia ujumbe mara tu mhusika anapoonekana mtandaoni, iwapo ameruhusu uione hali yake. Nililipenda sana mwanzoni, kisha nikaliacha, kwa sababu mke wangu aliifungua programu alfajiri ili kumjibu mkuu wake wa kazi kuhusu jambo lililokuwa limemchafua moyo, na sekunde ileile likaingia neno langu la kumsifia midomo. Aliniambia kwamba alilisoma kwa hasira isiyokuwa yangu.

Mama wa Zamu

Mimi na mume wangu tunaishi nyumba moja, kwa hiyo huenda nimeingia uzi usionihusu, lakini yeye ni muuguzi wa zamu ya usiku na nakuhakikishieni kwamba tunaishi katika saa mbili tofauti. Nilikuwa nikimwandikia saa moja asubuhi, mara tu nilipoamka, nikiwa na hamu naye. Saa moja asubuhi ndipo anapokabidhi wagonjwa kwa wenzake, na ndipo asipotaka simu itetemeke mfukoni. Dalili niliyokuwa siioni ni kwamba hakuwahi kujibu neno lenyewe. Alijibu "asante, mpenzi" kwa kila kitu, hata nilipokuwa nimemuuliza swali la kichokozi linalotaka jibu.

Nilipomuuliza, alinitajia dakika zake bila kufikiri: akiwa ameketi kwenye basi la kurudi nyumbani. Sasa ujumbe wa basi huwa mrefu, wenye fumbo ambalo atalitafakari njiani. Anapokaribia kulala simwandikii chochote cha kumwasha, kwani zamani nilifanya hivyo na usingizi ukamruka wakati anauhitaji. Nadhani tunasahau kwamba ujumbe unaweza kufika mtu akiwa macho, akiwa peke yake, akiwa na furaha, na bado ukawa umefika vibaya kwa sababu unamtaka aamke zaidi.

Mwandani wa Mbali

Kisa changu ni cha lugha. Mpenzi wangu anajua Kiswahili, lakini amekulia ughaibuni. Nilimwandikia, "Nitakutumia kitu saa mbili usiku, ukisome ukiwa umelala chali." Nilikuwa nimepiga hesabu vizuri kabisa kwa saa zake, na ujumbe ukamfikia saa mbili usiku kamili, akiwa bado yuko mezani na wazazi wake. Yeye alikuwa ameelewa saa mbili kwa namna inavyosomeka kwenye uso wa saa, yaani saa nane ya usiku kwetu sisi, na alikuwa amejiandaa kukesha kuingoja. Tangu siku hiyo tunaandika kwa tarakimu, tena kila mara na neno "kwako": 20:00 kwako, au 02:00 kwako. Neno hilo moja limetuokoa kuliko programu yoyote, kwa sababu hata tarakimu hazisemi ni saa za nani.

Mzee wa Barua

Nimewasoma wote kwa makini. Mimi sikubaliani na huo ujumbe unaopangwa ujitume wenyewe. Mke wangu alipokuwa mbali, kilichomfurahisha si neno lenyewe peke yake, bali kujua kwamba niliamka usiku wa manane kwa ajili yake. Ujumbe unaotoka wakati mwandishi anakoroma hauna pumzi. Zaidi ya hayo, akikujibu papo hapo kwa shauku, anajibu nani? Atabaki na hamu yake pekee mpaka upambazuke kwako.

Fundi Saa

Mzee wangu, shikamoo. Barua zenu nazo ziliandikwa leo zikasomwa wiki mbili baadaye, na hakuna aliyesema hazina pumzi. Lakini hoja ya pili nakubaliana nayo, maana yamenikuta. Sasa mwishoni mwa ujumbe uliopangwa huweka jambo la kumfanya angoje kwa raha, si swali linalotaka jibu saa ileile. Pia sipangi zaidi ya usiku mmoja. Niliwahi kupanga wa siku tano, na siku ya tatu mama mkwe akalazwa hospitalini. Ule ujumbe ukatoka wenyewe, mke wangu akiwa kando ya kitanda. Ningeweza kuufuta kwenye orodha ya iliyopangwa, ila nilikuwa nimesahau kwamba upo.

Mzee wa Barua

Marahaba, mwanangu. Barua ilijulikana kuwa ni ya zamani tangu inafunguliwa, kwa sababu ilikuwa na tarehe. Huu wenu unajifanya wa sasa hivi. Hapo ndipo tunapotofautiana.

Binti Makini

Nashukuru sana. Jana nilimuuliza mwenzangu swali la Fundi Saa kama lilivyo, na jibu halikuwa mapumziko ya mchana kama nilivyodhani. Alisema ni zile dakika kumi akishaegesha gari nyumbani, kabla hajaingia ndani, yaani 17:30 kwake. Kwangu ni saa sita na nusu usiku hivi sasa, na Novemba itakuwa saa saba na nusu. Mimi hulala saa tano. Nimeuandika wa kwanza na kuupanga utoke Alhamisi, usio na swali ndani yake. Kama nimwambie kwamba utakapomfikia nitakuwa usingizini, hilo bado sijaamua, na maneno ya Mzee ndiyo yanayonizuia.