Wakuu, pete za Newton zinanipa jibu tofauti kila duara. Niandike lipi?

Benchi_la_Nyuma: Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa pili, ripoti ya maabara naikabidhi Ijumaa na nimekwama. Lenzi yenye mgongo imelala juu ya kioo bapa, taa ya sodiamu ya nanomita 589.3, naangalia kwa hadubini inayosogea kwenye reli yenye vipimo. Nimepima vipenyo vya duara jeusi la 5 (mm 3.32), la 10 (4.83), la 15 (5.95) na la 20 (6.92). Natafuta R, nusu kipenyo cha mpindo wa lenzi, kwa R = D²/(4mλ): D ni kipenyo cha duara, m namba yake, λ urefu wa wimbi la mwanga. La 5 linanipa sm 93.5, la 10 sm 99.0, la 15 sm 100.1, la 20 sm 101.6. Lenzi ni moja! Nafikiria kuliacha la 5 na kuandika 101.6. Ni sawa?

Mkwezi wa Pangani: Mimi simu yangu ina maduara ya rangi kama hayo chini ya protekta, yalianza niliponunua ya bei rahisi. Nayo ni ugonjwa huo huo? Fundi kaniambia nibadilishe skrini.

Fundi Miwani: @Mkwezi usibadilishe skrini, huyo anataka hela yako. Ni hewa nyembamba kati ya vioo viwili. Bandua protekta, futa, bandika upya.

Mleta uzi, nimesaga lenzi miaka mingi na maduara hayo ndiyo yalikuwa jicho letu. Unaweka lenzi juu ya kioo cha kupimia, unaangalia umbo. Yakiwa duara safi, kazi nzuri. Yakiwa mayai, rudi kwenye mashine. Bosi wetu wa kwanza alikuwa akiona yai moja anaitupa kazi yote kwenye ndoo, na anakukata mshahara. Vijana wa sasa mnapimiwa kila kitu na kompyuta.

Dakitari_wa_Namba: Mbona rahisi. Boksi la lenzi limeandikwa ngapi?

Benchi_la_Nyuma: Limeandikwa 200.

Dakitari_wa_Namba: Basi umechanganya kipenyo na nusu kipenyo mahali. Zidisha 101.6 kwa 2, unapata 203. Umemaliza.

Benchi_la_Nyuma: Aisee! Ahsante sana mkuu, inakaribia kabisa. Naandika hivyo.

Mama Hadubini: Mwanangu, weka kalamu chini. Hiyo 4 kwenye kanuni yako ipo kwa sababu umetumia kipenyo, kwa hiyo hakuna pa kuzidisha tena. Na 200 ya boksi si mpindo wa uso, ni umbali wa fokasi. Lenzi yenye upande mmoja bapa, ukitaka R unazidisha fokasi kwa kipimo cha kioo kupinda mwanga ukitoa 1. Kioo cha kawaida ni kama 1.52, kwa hiyo tegemea karibu sm 104. Dakitari amekosea njia, ila kukuuliza boksi kulikuwa na akili.

Sasa nijibu: katikati ya maduara palikuwa peusi au peupe?

Benchi_la_Nyuma: Maduara yalionekana vizuri kabisa mama, hata msimamizi alipita akasema sawa.

Mama Hadubini: Sikuuliza kama yalionekana. Katikati.

Chai_Kavu: Jamani hii ni chai. 5, 10, 15, 20, vipimo vinne tu, jibu linapanda taratibu kama limepangwa, na katikati hataki kusema. Hana maabara huyu. Kuna mwalimu anatafuta swali la mtihani, au mtu kapika namba nyumbani anataka tumthibitishie.

Fundi Miwani: Hata mimi nimeanza kuona hivyo. Tuwekee picha.

Benchi_la_Nyuma: Simu haziruhusiwi mle ndani, picha nitaitoa wapi? Na kuruka tano tano ni maelekezo ya karatasi.

Mama Hadubini: Chai_Kavu, nami nilitaka kujua, nikazipima namba zenyewe. Piga kila kipenyo kipeo cha pili: 11.02, 23.33, 35.40, 47.89. Kila maduara matano yanapaswa kuongeza kiasi kile kile. Hapa yanaongeza 12.31, kisha 12.07, kisha 12.49. Aliyezitoa kwenye kanuni angepata hatua karibu sawa. Na kuyumba huku kunaeleweka, maana ukikosea mm 0.01 tu kwenye kipenyo cha 6, kipeo cha pili kinakosea 0.12. Hizi ni namba za mkono uliokaa kwenye hadubini.

Chai_Kavu: Mpishi hodari hakosi chumvi, mama.

Benchi_la_Nyuma: Sawa. Katikati palikuwa peupe. Sikusema kwa sababu kitabu kinasema peusi na kwenye ripoti nimeshaandika peusi kwa kalamu ya wino. Wote darasani wameandika peusi. Nikiandika peupe nitaulizwa peke yangu.

Mama Hadubini: Ulikuwa unaangalia kutoka juu, mwanga ukirudi, au kutoka chini ukipita? Anayeangalia mwanga unaopita huona katikati peupe hata kama vioo vimegusana.

Benchi_la_Nyuma: Juu. Kile kioo cha nyuzi 45 kilikuwepo.

Mama Hadubini: Basi vioo havikugusana. Chembe ya vumbi imeinua lenzi, kwa hiyo duara unaloliita la 5 halina ukubwa wa la 5. Limekaa pale ambapo lingekuwa la 4 na nusu kama vioo vingegusana. Katikati peupe kunatuambia kwamba hesabu yako imezidi nusu duara. Nusu hiyo ni sehemu ya kumi ya 5, lakini ni sehemu ya arobaini ya 20. Ndiyo maana majibu yako yanapanda kadiri unavyokwenda nje. Hata la 20 limebeba kosa hilo hilo, limelipunguza tu, kwa hiyo kulitupa la 5 hakukusaidii.

Usihesabu kutoka katikati. Toa duara moja kwenye jingine, maana kati ya la 5 na la 20 ni 15 hata vumbi liwe na unene gani. 47.89 toa 11.02 ni 36.87. Gawanya kwa 4 mara 15 mara λ, unapata sm 104.3. Jaribu pia 15 na 5, inatoka 103.4. Na 20 na 10 inatoka 104.2. Ona zilivyokaribiana.

Dakitari_wa_Namba: Na 104.3 ukigawanya kwa 0.52 ni 200.6. Nilisema 200!

Mama Hadubini: Kioo kikiwa 1.50 fokasi inatoka 208.6. Boksi halikusema ni kioo gani, kwa hiyo tusishangilie.

Benchi_la_Nyuma: Lakini mama, kwani nisiache peusi tu, halafu nitumie njia ya kutoa? Jibu si ni lile lile?

Mama Hadubini: Ukiandika peusi, msahihishaji akichora D² dhidi ya namba ya duara ataona mstari haupiti sifuri, unakata chini karibu na −1.27. Ni karibu nusu ya hatua ya duara moja, 2.46. Atakuuliza peusi ulipaona wapi.

Fundi Miwani: Kabla ya Ijumaa rudi ukasafishe. Futa vioo vyote viwili kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka tena, bonyeza lenzi kidogo kwa kidole. Pakiwa na pengo, utaona duara jipya linachipuka katikati na mengine yanasukumwa nje. Usikaze skrubu kwa nguvu, utabonyeza kioo pale kati na maduara madogo yataharibika.

Benchi_la_Nyuma: Maabara inafunguliwa Alhamisi saa mbili tu, na kuna foleni. Nafikiri nitafuta kwa wino mweupe niandike peupe.

Chai_Kavu: Wino mweupe kwenye ripoti ya maabara. Sasa naanza kuamini ni mwanafunzi kweli.

Mkwezi wa Pangani: Nimebandua protekta. Maduara yameondoka. Fundi wa simu hapokei.