Naomba ushauri: ujumbe wa shukrani kwa mama mkwe mtarajiwa

Wakuu, habari za jioni. Leo wazazi wa mchumba wangu walinialika chakula Mbagala, nami ndio nimeingia nyumbani Kimara. Nataka kumtumia mama ujumbe kabla hajalala, kwa sababu ukienda kesho itaonekana nimekumbushwa. Nimeandika hivi:

"Shikamoo mama. Nimefika salama. Asante sana kwa mapokezi na chakula. Samaki wa kupaka alikuwa mtamu mno, na wali ulionifungia wadogo zangu wameufurahia. Naomba unifikishie shikamoo kwa baba. Usiku mwema."

Habari ya kufika nimeitanguliza kwa kuwa ndiyo anayoisubiri, aliniambia getini, "ukifika utujulishe." Samaki nimemtaja kwa jina kwa sababu mama alimpaka tui mwenyewe jikoni, na "asante kwa chakula" peke yake angeweza kuandikiwa mtu yeyote. Nimeufanya mfupi kwa vile huwa anasomewa na mjukuu.

Ninapokwama ni kwa baba. Salamu za kupitia kwa mama zinatosha, au nimwandikie wake? Yeye ndiye aliyenisindikiza hadi kituoni, naona kumpitia pembeni si heshima.

Halafu dada yangu anasema niambatanishe hela kidogo kwenye simu. Mimi naona usiku huuhuu itafanana na kulipia sahani, afadhali nibebe sukari na unga nikirudi. Waliooa mlifanyaje?